Vidato Vinane vya Lango la Soko

Mimi ni fundi wa mizani. Nimekaa miaka mingi kwenye kona ya soko letu dogo, nje kidogo ya mji wa Machakos, nikinyoosha mizani za wauza nafaka na wauza nyama kabla afisa wa vipimo hajaja kuzipiga mhuri. Shule niliiacha mapema. Hata hivyo kila Alhamisi, siku ambayo soko letu husinzia, mimi hufunga sanduku la vifaa na kwenda maktaba, ambako husoma chochote ninachokikuta rafuni, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, pamoja na faharasa.

Ndivyo nilivyoifahamu ngazi. Ilikuwa ndani ya kitabu kinene cha mipango ya miji. Mchoro wake ulionyesha vidato vinane, na kila kidato kilieleza jinsi serikali inavyomshirikisha mwananchi. Niliunakili kwenye daftari, majina nikayatafsiri mwenyewe. Kidato cha kwanza ni kuchezewa: unaitwa mkutanoni ili picha yako ipigwe. Cha pili ni kutibiwa, maana wewe ndiwe unayeonekana mgonjwa, na mradi wao unaonekana hauna kasoro. Kitabu kilisema hivyo viwili si ushirikishwaji hata kidogo. Cha tatu ni kuambiwa, cha nne kuulizwa, cha tano kubembelezwa, na hivyo vitatu ni ushirikishwaji wa jina tu: mwananchi anasikia na kusikika, ila hana uwezo wa kuhakikisha kwamba alilosema litafuatwa. Nguvu yenyewe inaanzia cha sita, ubia. Cha saba ni kukabidhiwa madaraka, na cha nane wananchi wanaliendesha jambo wenyewe.

Nilijiwekea kanuni moja. Mkutano wowote ningeupa kidato baada ya kufungwa kwa sala, si kabla, na sitasema neno ndani ya mkutano ili nisiharibu kipimo. Mtu anayepima gunia huku ameliegemea hajapima kitu. Niliipenda sana kanuni hiyo. Nusura imfilisi jirani yangu.

Jirani yangu huyo anauza nyanya na sukuma wiki. Meza yake iko chini kabisa ya soko, ukingoni mwa barabara, hatua chache kutoka mahali abiria wanaposhuka. Soko letu liko kwenye mteremko: barabara iko chini, na juu, nyuma ya soko, kuna njia nyembamba yenye vyoo. Anayeshuka garini jioni hana nia ya kupanda mteremko kutafuta nyanya. Ananunua anazoziona, anakwenda zake. Kwa nyanya hizo mama yule amesomesha watoto watatu, na wa nne bado yuko shuleni. Kwa hiyo iliposikika kwamba soko litajengewa ukuta na paa, yeye aliuliza swali moja tu: lango litakuwa wapi?

Tangazo la mkutano wa kutoa maoni lilibandikwa alasiri, kwenye mlango wa choo, kwa Kiingereza, na mkutano ukawa kesho yake asubuhi, siku ya soko. Hata hivyo ukumbi wa kanisa ulijaa, kwa kuwa ilisemekana kuna soda.

Afisa wa mipango alikuwa kijana nadhifu, mwenye sauti ya kusomea matangazo. Alituambia mradi ni wetu. Alilirudia hilo mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuhisi amekuja kutudai. Kisha akatundika mchoro ukutani kwa pini nne.

Watu waliutazama kwa heshima. Chini ya karatasi, katikati, palikuwa na nafasi iliyoandikwa kwa herufi ndogo sana, na afisa akaigusa kwa kalamu.

"Hili ndilo lango."

Sote tunajua barabara iko chini. Lango likiwa chini ya karatasi, basi liko barabarani. Ukumbi ulipiga makofi. Jirani yangu alipiga makofi kwa kusimama.

"Kuna mwenye pingamizi?" afisa akauliza, na bila kupumua, "Hakuna. Asanteni."

Nilikuwa nimeketi safu ya pili. Kwenye pembe ya mchoro kulikuwa na mshale wenye herufi N, ule unaoonyesha kaskazini, na mshale ule ulikuwa umeelekea sakafuni. Nikainamisha kichwa, nikasoma herufi ndogo zikiwa kichwa chini. Karatasi ilikuwa imetundikwa juu chini. Lango halikuwa barabarani. Lilikuwa nyuma, kwenye vyoo. Mistari miwili ya juu tuliyoidhania njia ya nyuma ndiyo iliyokuwa barabara, na kandokando yake pamechorwa ukuta mtupu kutoka pembe hadi pembe.

Niliandika yote hayo kwenye daftari, kwa mwandiko safi. Sikuinua mkono. Mkutano ulikuwa haujafungwa kwa sala.

Mchana nikamwendea jirani yangu, nikamweleza kwa utaratibu. Alisikiliza huku akipanga nyanya mafungu mafungu.

"Kwa hivyo uliona."

"Niliona mshale."

"Na mimi nikiwa nimesimama napiga makofi."

"Ulikuwa umesimama, ndiyo."

"Na ukafanya nini, fundi?"

"Niliandika."

Akachukua nyanya moja iliyopasuka, akaitazama, akaitazama sura yangu, akairudisha kwenye debe. Naamini alipima bei ya kunirushia.

"Onyesha hiyo kitabu."

Nikamwonyesha ngazi. Alisoma vidato vyote kwa kidole.

"Leo umetupatia gani?"

"Cha kwanza. Kuchezewa. Ingawa sidhani walikusudia. Nafikiri hata yeye hakujua karatasi iko kichwa chini."

"Si mtu anaweza chezewa na mtu hajui anacheza?"

Swali hilo halikuwa kitabuni. Nililiandika.

"Na wewe," akasema, "ulikuwa umekaa kidato gani, ukiona na kunyamaza?"

Nikamwambia kwamba ngazi inapima serikali, haimpimi mtu mmoja mmoja. Akasema basi hiyo ngazi ni fupi.

Tukaandika barua. Mimi niliandika, yeye alifuta. Rasimu yangu ilikuwa na kurasa tatu na mchoro wa dira. Yake ilisema: "Picha ya soko ilitundikwa juu chini. Tulikubali lango la barabarani. La vyoo hatukukubali. Tunaomba mkutano mwingine." Ikatiwa sahihi na soko zima, na wale wasioandika wakaweka kidole gumba kwa wino wa mhuri wangu wa risiti.

Mkutano wa pili uliitishwa baada ya wiki mbili, ila haukuwa wa lango. Tuliletewa mama mmoja mwenye miwani, mtaalamu wa kuhudumia wateja. Inaonekana barua yetu ilisomwa, na aliyeisoma akaamua kwamba wafanyabiashara wana wasiwasi na mabadiliko. Mtaalamu alitufundisha kupumua. Kisha akatufundisha kutabasamu kwa mteja.

"Mteja akikataa kununua, tunafanya nini?"

"Tunamwachilia," akasema muuza maharagwe mmoja mzee.

"Tunatabasamu."

"Hata kama amebonyeza avokado zote?"

"Hasa hapo."

Jirani yangu akatabasamu. Ana pengo upande wa kushoto, na tabasamu lile halikumfariji mtu. "Dada yangu," akasema, "mimi nikipumua vizuri namna hii, lango litashuka kutoka kwa choo?"

Mtaalamu akasema hilo ni swali la wahandisi. Mkutano ulifungwa kwa sala, nami nikaandika: cha pili, kutibiwa. Sijawahi kuona kitabu kikithibitishwa kikamilifu namna ile.

Baada ya hapo ikaja fomu. Vijana wawili walipita meza kwa meza na karatasi za maswali. Swali la kwanza: je, ungependa soko la kisasa? La pili: je, lango lipakwe rangi ya kijani, bluu au nyekundu? Hapakuwa na la tatu. Jirani yangu alisoma, akageuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma, kisha mahali pa rangi akaandika LANGO LIWE BARABARANI. Akampasia muuza mahindi, naye akaandika vivyo hivyo, na kufikia saa sita fomu zote za safu ya chini zilisema lango liwe barabarani.

Nilikwenda mwenyewe ofisini kuulizia matokeo, kwa kuwa kitabu kilisema kuulizwa hakuna maana mtu asipofuatilia. Karani alikuwa mpole. Akanigeuzia kompyuta nione.

"Hii mashine inakubali rangi tatu peke yake, mzee. Hayo mengine nimeweka kwa 'nyinginezo'."

"Na ripoti inasemaje?"

Akaisoma. Ilisema wakazi wanaunga mkono lango, isipokuwa hawajaafikiana kuhusu rangi.

Cha nne, nikaandika, nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi.

Haukupita muda nikabembelezwa mimi mwenyewe. Kanuni za ujenzi zinataka kila mradi uwe na kamati ya kuusimamia, na ndani yake wawepo wakazi. Kamati yetu ilikuwa na viti tisa: sita vya ofisi na mkandarasi, vitatu vya sokoni. Wa sokoni walichaguliwa na ofisi. Mimi nilikuwa mmoja, wa pili ni muuza maharagwe, na wa tatu ni mwenye bucha ambaye tangu hapo hakuwahi kutokea. Nilipewa kadi ya plastiki yenye kamba ya shingoni. Afisa wa mipango akaniita "mjumbe". Tulikaa kwenye viti vyenye mito.

Nikaiweka kando kanuni yangu, nikauliza kuhusu lango. Wakanisikiliza kwa makini, mmoja akaandika, kisha wakapiga kura. Sita kwa wawili.

Jioni ile niliandika kidato kwa penseli. Jirani yangu alikuja kuchukua mizani yake, akakuta daftari liko wazi.

"Cha sita? Ubia?"

"Tulipewa kura," nikasema.

"Mkashindwa."

"Kushindwa ni sehemu ya kura."

"Fundi wakwa, fundi wangu, hao ni sita na nyinyi ni watatu, na mmoja yuko bucha. Wangepiga hiyo kura wakiwa wamelala." Akanyoosha mkono. "Lete raba."

Akafuta mwenyewe, akaandika tano, akapulizia mabaki ya raba mbali. Kisha akaigusa kadi yangu kwa ncha ya kidole.

"Na hii uvue ukija hapa. Inaogopesha wateja."

Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikakiri kwamba raba ilikuwa na haki. Kubembelezwa ndiko huko: kiti, mto, jina zuri, na uamuzi ukabaki ulikokuwa.

Ila kadi ile ilikuwa na faida moja. Mjumbe anaruhusiwa kuona makabrasha ya mradi. Nikaenda kuyaomba, nikayasoma kwa siku mbili, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, pamoja na viambatisho. Nilikuta mambo mawili.

La kwanza lilieleza kwa nini lango lilipelekwa vyooni. Kati ya soko na barabara kuna mtaro wa maji ya mvua. Lango likiwa barabarani lazima pawe na kivuko juu ya mtaro, na mhandisi hakuwekewa fedha za kivuko kwenye mpango. Basi. Hapakuwa na hila. Katika mikutano yote mitatu hakuna aliyetutamkia neno mtaro.

La pili lilikuwa ukurasa wa mwisho. Mkandarasi hawezi kulipwa sehemu yoyote ya kazi mpaka hati ya ukaguzi itiwe sahihi na wajumbe, na lazima miongoni mwa sahihi hizo wawepo wakazi wasiopungua wawili. Mwenye bucha hakuwa akija. Wakazi waliobaki walikuwa mimi na muuza maharagwe.

Nilimpelekea jirani yangu habari hizo kabla sijaziandika. Ilikuwa mara ya kwanza kumtanguliza mtu mbele ya daftari, na alitambua.

"Mtaro?" akasema. "Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Si wangesema. Mtaro ni mwethya ya asubuhi mbili."

Kwetu Ukambani mwethya ni kazi ya pamoja: mwenye jembe analeta jembe, mwenye punda anabeba mawe, na asiye na kitu anapika. Bibi zetu walikata matuta ya milima hii kwa njia hiyo. Kuvusha lango juu ya mtaro wa hatua mbili hakukuhitaji mtaalamu wa kupumua.

Msingi wa ukuta ulipokamilika, hati ya ukaguzi ililetwa kwenye meza yangu na afisa wa mipango mwenyewe. Jirani yangu alikuwa karibu, akinunua kitu ambacho siuzi.

"Mjumbe, sahihi hapa na hapa."

Nikamwambia tuna jambo la kujadili. Nikamweleza kwamba soko litajenga kivuko, mawe na kazi ni juu yetu, mhandisi asimamie vipimo, na lango lihamie barabarani.

Akafikiria. "Hilo linawezekana. Mhandisi atafurahi. Weka sahihi."

Nikafungua kalamu. Nakiri kwamba niliifungua. Lango lilikuwa limepatikana, na mimi ni mtu wa amani.

"Ngoja kidogo," jirani yangu akasema. "Mjumbe, hicho ni kidato gani?"

Nikatafakari. "Wametukubalia ombi. Uamuzi bado ni wao."

"Kesho wakilirudisha kwa choo?"

Nikafunga kalamu. Afisa alitutazama kwa zamu, kama mtu aliyekuta duka lina wauzaji wawili na bei mbili.

"Mama, wewe ni mjumbe?"

"Mimi ni nyanya," akasema. "Nyanya hazina kadi."

Ilichukua wiki tatu, na katika wiki hizo mkandarasi alinitembelea mara nyingi kuliko mwanangu. Muuza maharagwe alihamia kwa dada yake, mji wa Matuu, ili asibembelezwe. Hatimaye makubaliano yakaandikwa na kutiwa sahihi na pande mbili: kamati ya kuendesha soko itakuwa na viti tisa, vitano vya wafanyabiashara waliochaguliwa na wafanyabiashara wenyewe. Mahali pa lango, mpangilio wa meza na saa za kufungua ni juu ya kamati hiyo, na ofisi haitabatilisha bila sababu ya usalama iliyoandikwa. Kisha nikaweka sahihi, hapa na hapa, na hati ikapelekwa Matuu kwa sahihi ya muuza maharagwe.

Uchaguzi ulifanyika kwa kupanga foleni nyuma ya wagombea. Jirani yangu alikataa kugombea kwa kuwa mikutano inaangukia saa za wateja. Mimi nikawa katibu. Kazi ya kwanza ya kamati ilikuwa kuamua lango likae wapi hasa kwenye ule ukuta wa barabarani.

Nilijiandaa kama sijawahi kujiandaa. Nilipima ukuta wote. Nikahesabu wapita njia kutwa mbili. Nikachora mchoro, mshale wa kaskazini nikaukoleza kwa wino mwekundu na kuuelekeza juu. Hesabu zangu zilionyesha lango linafaa kuwa katikati kabisa. Alasiri nikabandika tangazo kwamba kesho asubuhi kamati itawaeleza wafanyabiashara mahali pa lango.

Nilipofika asubuhi, jirani yangu alikuwa amesimama mbele ya tangazo na watu kama ishirini.

"Katibu," akasema, "soma hapa. 'Kamati itawaeleza.'"

"Ndiyo. Nimefanya utafiti."

"Kueleza ni namba ngapi?"

Nikaanza kunyoosha pembe ya tangazo.

"Namba ngapi, fundi?"

"Tatu," nikasema.

Muuza maharagwe, aliyekuwa ameshuka garini dakika hiyohiyo kutoka Matuu, akaketi juu ya begi lake ili acheke vizuri. Nilibandua tangazo mwenyewe. Gundi ilikuwa nzuri, ilinichukua muda.

Mchoro hatukuutundika. Tulichukua kamba na vigingi, tukashuka wote hadi mtaroni, na kila safu ikaonyesha pale inapotaka lango. Walibishana hadi jua likawa utosini. Wauza nafaka walitaka lango karibu na pale mkokoteni unaposhusha magunia. Mwenye bucha, aliyejitokeza siku hiyo bila kuitwa, alitaka liwe mkabala na bucha. Jirani yangu alitaka liwe pale pale kwenye meza yake, akatoa hotuba ndefu kuhusu barua, raba na kalamu yangu. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Kisha tukahesabu mikono. Kigingi kilichoshinda kilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwenye meza yake, upande wa wauza nafaka.

Nilimwangalia. Kama si yeye, lango lingekuwa chooni, na sasa lilikuwa limempita. Nilianza kutafuta maneno ya kumtuliza.

"Usinitibu," akasema.

Akakitazama kigingi, akawatazama waliokipigia kura, mmoja mmoja.

"Wewe nilikukopesha mwavuli," akamwambia muuza mahindi.

"Mwaitu, mama yangu, na nilirudisha."

"Ulirudisha umevunjika." Akanigeukia. "Hiyo kamati inachaguliwa tena lini?"

"Baada ya miaka miwili."

"Andika jina langu."

Nikamwambia hatuandiki majina mapema namna hiyo, hakuna utaratibu. Akasema basi utaratibu uanze leo. Nikauliza pia, kwa ajili ya daftari, kama anakubali tuite hiki kidato cha saba. Cha nane hakitufai, nikamweleza, kwa kuwa ardhi na fedha za ujenzi bado ni za ofisi.

"Iite unavyotaka," akasema. "Kwanza shika hapa."

Alikuwa ameinua upande mmoja wa meza. Nikashika upande wa pili. Tukaibeba hatua kumi na moja, nyanya zikiwa juu yake, tukaiweka kando ya kigingi kabla muuza mahindi hajamaliza kukunja turubai lake ili afanye vivyo hivyo.